Uzi: Mashine ya kusaga au parachichi? Nimeweka picha ya jedwali, naomba mnisaidie kuisoma

Binti_Kibosho (Jumatatu, saa 2:10 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Sisi ni ndugu wanne, kwetu Kibosho, mimi naishi Arusha. Tuna milioni 40 za kuanzisha mradi wa familia. Milioni 22 ni zetu, zimetokana na kiwanja tulichouza, na milioni 18 tutakopa kwenye SACCOS kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, marejesho ya miezi 36. Mkopo huo hautegemei tumechagua mradi upi.

Miradi ni miwili. Mradi A ni mashine ya kusaga na kukoboa Boma Ng'ombe. Mradi B ni parachichi za Hass kwenye shamba letu la Siha. Kaka mkubwa amekaa na watu wanaojua kila kazi akaandika jedwali kwenye daftari gumu, miaka 7, tarakimu kwa milioni. Akalipiga picha usiku kwa taa ya simu akanitumia. Ndiyo hiyo hapo juu.

Binti yangu ameliingiza kwenye Excel akapata NPV, yaani thamani halisi ya sasa, ya mashine 6.76 na ya parachichi 12.59, kwa asilimia 16. Yaani parachichi inakaribia mara mbili. Kaka naye anasema kwa kichwa chake haoni tofauti kubwa kiasi hicho. Jumamosi tuna kikao cha familia, na sitaki kwenda kubishana na mkubwa wangu kwa hesabu nisiyoiamini.

Kijana_Ngaramtoni (saa 2:31 usiku)

Dada, hapo hamna haja ya Excel. Angalia pesa yako inarudi lini. Mashine inaingiza 15, halafu 15, halafu 14. Baada ya miaka miwili umebakiza milioni 10 tu, na mwaka wa 3 unazimaliza. Ni miaka 2 na miezi 8 na kitu. Parachichi mpaka mwaka wa 5 ndiyo unapumua. Anzeni na mashine, faida ikipatikana mpande miti.

Shamba_Tengeru (saa 2:44 usiku)

Miche ya Hass mmeipata wapi na kwa bei gani? Mimi mwaka juzi niliuziwa miche ikasemwa imebebeshwa, kumbe sehemu kubwa ni ya mbegu. Mpaka leo nasubiri tunda.

Binti_Kibosho (saa 2:50 usiku)

Pole sana @Shamba_Tengeru. Miche bado hatujanunua, kwanza tunaamua kama tunapanda.

Karani_Mstaafu (saa 3:35 usiku)

Binti, nimeikuza picha yako mpaka mwisho. Kabla ya kuzungumzia mradi upi ni bora, tuhakikishe tunasoma namba zilezile alizoandika kaka yako, kwa sababu naona mmoja kati yetu hasomi hizo.

Tazama safu ya mradi B, mstari wa mwaka wa 1. Binti yako amesoma 4. Mimi naona 4 iliyo ndani ya mabano. Bano la kushoto limelala juu ya mstari wa safu, ndiyo maana linaonekana kama mstari umenenepa kidogo. Bano la kulia limemezwa na kivuli cha kidole cha aliyepiga picha. Ukilinganisha na 40 ya mwanzo, mabano yake yanaonekana vizuri, na mkono ni uleule. Sisi wahasibu, na watu waliofundishwa na wahasibu, pesa inayotoka tunaiweka kwenye mabano badala ya alama ya kutoa. Kwa hiyo mwaka wa kwanza parachichi haileti milioni 4, inakula milioni 4: palizi, maji, mbolea, kubadilisha miche iliyokufa. Hata kwa akili ya shambani, mche wa mwaka mmoja utatoa wapi milioni 4?

Lakini usiniamini kwa macho yangu ya uzee. Kaka yako ameandika jumla chini ya kila safu. Ya mashine ni 35, ya parachichi ni 65. Jumlisha mwenyewe. Ukiweka 4 bila mabano unapata 73. Ukiweka 4 ya kutoa unapata 65 kamili. Mstari wa jumla ndio unaoamua, na ndiyo sababu nikiletewa jedwali la picha mimi huanzia chini kwenda juu.

Nimeliandika upya hivi:

```
Mwaka    A      B
0      -40    -40
1       15     -4
2       15      3
3       14     12
4       12     18
5        9     24
6        6     26
7        4     26
Jumla   35     65
```

Hakikisha na kaka kwa simu, kisha tuendelee.

Binti_Kibosho (saa 3:52 usiku)

Shikamoo mzee. Nimempigia sasa hivi, amefungua daftari. Ni mabano kweli, "hiyo ni ya kutoa, nilidhani inaonekana". Namba nyingine zote ziko sawa na ulivyoandika.

Karani_Mstaafu (saa 4:20 usiku)

Marahaba binti. Basi twende.

Kuna kosa la pili, nalo si la macho. Majibu ya 6.76 na 12.59 yananiambia kwamba safu yote, kuanzia mwaka 0, imewekwa ndani ya mabano ya fomula. Excel ikiona hivyo inadhani hata zile milioni 40 mtazitoa mwisho wa mwaka wa kwanza, na kila kitu kinasogezwa mbele mwaka mmoja. Pesa ya mwaka 0 inatoka leo, kwa hiyo haipunguzwi. Inakaa nje. Kama mwaka 0 uko kwenye mstari wa 2 na parachichi iko safu C, ni hivi:

```
=NPV(16%,C3:C9)+C2
```

Ile 40 tayari ina alama ya kutoa, ndiyo maana tunajumlisha. Kwa haki ya binti yako, kosa hili pekee lisingebadilisha mshindi. Linagawanya majibu yote mawili kwa 1.16, basi. Kilichompotosha ni mabano ya ile 4.

Sasa majibu kwa asilimia 16. Mashine ni milioni 7.84. Parachichi ni milioni 7.71. Tofauti ni kama laki moja na elfu thelathini kwenye mradi wa milioni 40. Kaka yako hakuona tofauti kubwa kwa sababu haipo.

Kijana_Ngaramtoni (saa 4:33 usiku)

Mzee shikamoo. Sielewi jambo moja. Jumla ya parachichi ni 65 na ya mashine ni 35. Zinawezaje kulingana? Milioni 30 zimeenda wapi?

Karani_Mstaafu (saa 4:58 usiku)

Zimeliwa na kungoja. Chukua zile milioni 26 za mwaka wa 7. Mtu akikuahidi milioni 26 baada ya miaka saba, na wewe pesa yako unaweza kuifanya izae asilimia 16 kila mwaka mahali pengine, leo ahadi hiyo ina thamani ya milioni 9.2 tu, maana 9.2 ukiizalisha kwa asilimia 16 miaka saba inafika 26. Milioni 15 ya mashine ya mwaka wa kwanza inapungua hadi 12.9 tu. Parachichi ina pesa nyingi lakini imeziweka mbali, na kila mwaka wa umbali unamega.

Ndiyo maana kiwango unachotumia kina nguvu kuliko namba yoyote kwenye lile daftari. Kwa asilimia 10 mashine inatoa 15.78 na parachichi 23.07, na hapo hakuna ubishi. Kwa asilimia 20 mashine bado ina 3.55 lakini parachichi inashuka mpaka sifuri, tena chini yake kidogo. Mistari miwili inapishana karibu kabisa na 16. Binti, mmeangukia palepale kwenye njia panda.

Kuhusu hesabu yako ya muda wa kurudisha mtaji, kijana, ya mashine umepata sawasawa. Ya parachichi ukiifanya vilevile unapata miaka 4 na miezi mitano na nusu, maana mwisho wa mwaka wa 4 bado wanadai 11, na mwaka wa 5 unaleta 24. Ila ile "miezi mitano na nusu" inachukulia kwamba pesa inaingia kidogo kidogo kila mwezi. Kwenye mashine ni kweli, mahindi yanasagwa kila siku. Parachichi inavunwa kwa msimu. Kama mavuno ya mwaka wa 5 yanauzwa mwishoni mwa mwaka, basi mtaji umerudi mwishoni mwa mwaka wa 5, si katikati yake.

Na ukihesabu kwa pesa iliyopunguzwa kwa asilimia 16, mashine inarudisha baada ya miaka 4 na mwezi mmoja, parachichi baada ya miaka 6 na miezi miwili. Maana yake ni kwamba faida yote ya parachichi kwenye jedwali hili inategemea mwaka wa 7 peke yake. Mwaka huo ukiyumba, jibu linayumba nao.

Mchele_na_Pumba (Jumanne, saa 12:40 asubuhi)

Nimeamka nimekuta uzi huu. Mimi nina mashine Himo, mwaka wa sita sasa. Aliyemwandikia kaka yako ile safu ya A ni mkweli, maana ameishusha: 15, 15, 14, 12, 9. Wengi wanakuletea 15 mpaka mwisho. Mimi mwaka wa tatu ilifunguliwa mashine ya pili mita mia mbili kutoka kwangu, na wa nne ya tatu. Nyundo zinaisha, chekeche zinatoboka, beringi zinalia. Mota ikiungua msimu wa mahindi, siku tatu unazokaa bila kusaga wateja wanajua njia ya kwa jirani na hawarudi wote.

Swali langu kwa mzee: mbona sioni marejesho ya SACCOS kwenye jedwali? Mimi nilikuwa nayatoa kila mwezi, na ndiyo yalinibana. Si ilitakiwa mtoe kila mwaka kabla ya kupiga hesabu?

Karani_Mstaafu (saa 1:25 asubuhi)

Umeuliza la maana, na jibu lina pande mbili.

Kwenye thamani halisi ya sasa, hapana. Ile asilimia 16 tayari ni gharama ya pesa. Ukitoa marejesho kwenye safu halafu ukapunguza tena kwa 16 bila kuonyesha kwamba milioni 18 za mwanzo ziliingia kutoka SACCOS, umeutoza mradi riba mara mbili.

Kwenye mfuko wa familia, ndiyo, na hapa ndipo namwona kijana wa Ngaramtoni ana hoja, ingawa aliipita haraka. Mkopo wa milioni 18 kwa miezi 36, riba ya asilimia 16 kwenye salio linalopungua, ni kama shilingi 633,000 kwa mwezi, yaani milioni 7.6 kwa mwaka. Wakichagua mashine, mwaka wa kwanza inaleta 15, wanalipa 7.6, wanabaki na 7.4. Wakichagua parachichi, mwaka wa kwanza shamba linataka 4 na SACCOS inataka 7.6. Hiyo ni 11.6 kutoka mifukoni mwa ndugu wanne. Mwaka wa pili shamba linatoa 3, bado wanatafuta 4.6. Miaka miwili, milioni 16.2, juu ya zile 40.

Hakuna hesabu ya thamani halisi itakayokuonyesha hilo. Inakuambia mradi una thamani gani ukishaufikisha mwisho. Haikuambii kama mtaweza kuufikisha.

Binti_Kibosho (saa 1:48 asubuhi)

Milioni 11.6 mwaka wa kwanza hatuna. Kwa kweli hatuna. Hili halikuwahi kutajwa kwenye kikao.

Kijana_Ngaramtoni (saa 2:15 asubuhi)

Asante mzee. Ila nabishana kidogo kwenye 16. Pesa inapoteza thamani kwa mfumuko wa bei, na mfumuko wetu ni asilimia 3 hivi. Kwa nini tusipunguze kwa 3? Hapo parachichi inashinda kwa mbali.

Karani_Mstaafu (saa 3:02 asubuhi)

Mfumuko peke yake hautoshi. Hata kama bei zingesimama palepale, pesa yako ina kazi nyingine inayoweza kufanya. Zile milioni 22 zenu mngeweza kununua hati fungani za Serikali mkakaa nyumbani mkapokea riba bila kununua nyundo wala kupalilia. Anayepunguza kwa asilimia 3 anasema yuko radhi kuhangaika miaka saba kwa malipo yaleyale ya kukaa bure.

Hata hivyo umegusa kitu ambacho nilipaswa kuuliza jana usiku. Binti, kaka yako alipoandika milioni 26 ya mwaka wa 7, alitumia bei ya kilo ya leo, au aliipandisha kila mwaka? Riba ya SACCOS ina mfumuko ndani yake, aliyekukopesha ameshaufikiria. Kama safu zimeandikwa kwa bei za leo, kuzipunguza kwa 16 ni kuzipima kwa fimbo ndefu kuliko kitambaa. Inabidi uutoe mfumuko kwenye 16 kwanza: 1.16 gawa kwa 1.03, unabaki na kama asilimia 12.6. Kwa kiwango hicho mashine inatoa kama milioni 12 na parachichi karibu 15.7. Tuliokuwa sare jana, leo parachichi inaongoza kwa zaidi ya milioni tatu na nusu. Namba za daftari hazijabadilika hata moja.

Parachichi_Usa (saa 5:20 asubuhi)

Naongea kama mkulima, nina ekari tatu za Hass hapa Usa River. Jedwali linaishia mwaka wa 7 na mashine hapo imechoka, sawa. Lakini mti wangu wa mwaka wa 7 ndiyo kwanza umeanza kuwa mti. Mnaukata kwenye karatasi wakati bado una miaka mingi ya kuzaa. Hiyo si haki kwa mradi B. Wekeni hata thamani ya shamba lenye miti mwaka wa 7, kama mlivyoweka bei ya kuuza mashine kuukuu, maana ile 4 ya mwisho ya A naamini ina chuma chakavu ndani yake.

Pia muulizeni kaka kuhusu maji. Shamba la Siha lina mfongo wa uhakika au mnategemea mvua? Milioni 4 ya mwaka wa kwanza inatosha kama maji yapo. Kama ni ya kuvuta kwa bomba kutoka mbali, haitoshi.

Mchele_na_Pumba (saa 5:41 asubuhi)

Kwenye miti kuzaa baada ya mwaka wa 7 nakubaliana na wewe. Lakini bei ya kilo miaka kumi ijayo nani anaijua, kila mtu Kilimanjaro na Arusha sasa anapanda Hass. Mimi nimeona mashine tatu zikiota mtaa mmoja. Miti nayo inaota hivyohivyo.

Parachichi_Usa (saa 5:55 asubuhi)

Hilo siwezi kulipinga, na mimi mwenyewe linaninyima usingizi. Lakini kuandika sifuri mwaka wa 8 nako ni kukisia, tena kukisia vibaya.

Karani_Mstaafu (saa 7:10 mchana)

Nyote wawili mko sawa na sina namba ya kuwapatanisha. Ningefanya hivi: jedwali libaki miaka 7, halafu pembeni iandikwe bei ya chini kabisa ambayo familia ingekubali kuliuza lile shamba likiwa na miti, ukiondoa bei ya ardhi yenyewe. Kila milioni 10 utakayoiweka hapo inaongeza milioni 3.5 tu leo, kwa asilimia 16. Si ndogo, maana kwa kiwango hicho miradi imetofautiana kwa laki moja na kitu. Ila haiwalipii SACCOS mwezi wa tatu.

Binti_Kibosho (Jumanne, saa 1:30 usiku)

Nimerudi kutoka kazini, nimezungumza na kaka karibu saa nzima.

Maji: mfongo upo, lakini zamu yetu ni siku moja kwa wiki, na kiangazi unapungua. Ile 4 haikuwa na tanki. @Parachichi_Usa asante, ataenda kuuliza bei.

Bei: hapa ndipo nimechoka. Parachichi ameandika kwa bei ya leo miaka yote saba. Mashine, aliyempa zile namba alikuwa amepandisha gharama ya kusaga debe kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo safu A ina mfumuko ndani na safu B haina.

Karani_Mstaafu (saa 1:52 usiku)

Basi safu hizi mbili haziwezi kusimama kwenye karatasi moja kama zilivyo. Zile 7.84 na 7.71 ziwekeni kando, na zile za asilimia 12.6 pia. Amwombe aliyempa namba za mashine ziandikwe upya kwa bei ya debe ya leo, gharama ya tanki iingie mwaka 0 wa parachichi, kisha safu zote mbili zipunguzwe kwa 12.6. Mpaka Jumamosi kuna siku tatu, inatosha.

Na jedwali la marejesho liandikwe ukurasa wa peke yake, mwezi kwa mwezi, kwa miezi 24 ya kwanza. Kama parachichi itabaki juu, swali la kikao litakuwa nani kati ya wanne atalipa nini kila mwezi, au mnakopa kidogo na kupanda nusu ya shamba kwanza.

Kijana_Ngaramtoni (saa 2:05 usiku)

Nusu shamba nusu mashine ndogo inawezekana?

Mchele_na_Pumba (saa 2:12 usiku)

Mashine ndogo Boma Ng'ombe itapigwa na kubwa. Kinu hakigawanyiki, miti inagawanyika.

Binti_Kibosho (saa 2:20 usiku)

Kaka anaandika upya kesho asubuhi. Nimemwomba aweke daftari mezani karibu na dirisha, alinyooshe, simu iwe juu yake kabisa, kingo zote nne zionekane na kidole kisiguse karatasi. Na mwaka wa kwanza wa parachichi aandike alama ya kutoa mbele ya 4. Nikiipata nitaiweka hapahapa.